Kwa Nini Pembe za Picha Hufifia

Katikati ya vioo vya lenzi ya kamera mna mabapa membamba yaliyopangwa kwa duara. Tundu linalobaki katikati ya mabapa hayo ndilo kizuizi cha mwanga. Linaamua kila nukta ya picha ipate mwanga kiasi gani, lakini haliamui picha ionyeshe nini. Kila nukta ya mandhari humwaga mwanga wake juu ya uso mzima wa lenzi, kwa hiyo tundu likibanwa, kila nukta hupunguziwa mwanga na picha nzima hufifia, ila hakuna kitu kinachokatwa.

Mpaka wa picha huwekwa na kitu kingine, yaani fremu ya mstatili iliyo mbele ya filamu, au kingo za sensa katika kamera ya dijitali. Hicho ndicho kizuizi cha uwanja. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Mwanga unaoangukia nje ya mstatili huo hauingii katika picha, hata kama lenzi imeufikisha vizuri.

Mtu anayetazama lenzi kwa mbele haoni lile tundu lenyewe. Anachoona ni taswira yake kupitia vioo vya mbele, ambavyo huweza kuikuza au kuipunguza, na pia kuifanya ionekane mahali pengine. Taswira hiyo ndiyo mboni ya kuingilia. Jicho la binadamu nalo liko hivyo hivyo: mboni tunayoiona kwa nje ni kubwa kuliko tundu halisi kwa takriban asilimia 13, kwa kuwa konea huikuza. Namba ya f inayoandikwa kwenye lenzi hupimwa kwa mboni hii, si kwa tundu la mabapa. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 ikifunguliwa hadi f/1.8, mboni yake ina kipenyo cha milimita 50 ÷ 1.8, yaani karibu 28.

Tuchukue lenzi hiyo hiyo tuifuate hadi kwenye pembe ya picha. Pembe iko milimita 21.6 kutoka katikati ya fremu, kwa hiyo mwanga wake huja kwa mshazari wa nyuzi 23 hivi. Tuseme pete ya chuma inayoshika kioo cha mbele ina kipenyo cha milimita 30 na iko milimita 20 mbele ya mboni. Kwa mwanga unaokuja moja kwa moja, pete hiyo haina madhara, kwani ni pana kuliko mboni. Kwa mwanga wa pembeni, kivuli cha pete husogea upande kwa karibu milimita 8.6 na kufunika sehemu ya mboni. Takriban theluthi moja ya mboni hupotea, na kinachobaki kina umbo la jicho la paka. Pete ya nyuma nayo huweza kukata upande wa pili.

Sasa tundu libanwe hadi f/4. Mboni inabaki na kipenyo cha milimita 12.5, na kivuli cha pete hakiifikii tena. Hii ndiyo sababu kubana tundu hung'arisha pembe zikilinganishwa na katikati. Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho: lenzi iliyofunguliwa kabisa ielekezwe kwenye dirisha, kisha iinamishwe polepole. Duara la mwanga litaanza kuliwa pande zake. Likibanwa, litabaki zima hata lenzi ikiinama.

Hata hivyo, giza lote haliondoki. Pembe iko mbali zaidi na mboni kuliko ilivyo katikati ya picha, mboni yenyewe huonekana imebanwa ikitazamwa kwa mshazari, na mwanga huangukia sensa ukiwa umelala. Sababu hizo tatu kwa pamoja hupunguza mwanga kwa kipimo cha cos⁴θ. Kwa nyuzi 23.4, kinachobaki ni asilimia 71 hivi, na kubana tundu hakubadilishi lolote. Pale f/1.8, hasara hii ikijumlishwa na ile ya pete ya mbele, pembe hupata chini kidogo ya nusu ya mwanga wa katikati.

Lenzi pana huumia zaidi. Kwa urefu wa fokasi wa milimita 24, mshazari hufika nyuzi 42 na kanuni hiyo huacha asilimia 30 tu. Wasanifu wa lenzi hupunguza hasara hiyo kwa kupanga vioo vya mbele ili mboni ipanuke ikitazamwa kutoka pembeni. Wapiga picha wa kamera kubwa za filamu hutumia filta yenye giza katikati, nao hulipia kwa kuongeza muda wa kupiga picha. Programu za kompyuta huinua mwangaza wa pembe baada ya picha kupigwa, lakini huinua pamoja nao chembechembe za kelele zilizofichwa na giza, na kwenye anga la jioni chembe hizo huonekana wazi.