Mwenye Nyumba, Mpangaji na Kufuli ya Mlangoni

Katika mitaa ya biashara ya Manispaa ya Mpanda, migogoro mingi ya pango huanza kwa namna moja. Kodi imechelewa, maneno makali yamesemwa kwa simu, na asubuhi moja mpangaji anakuta kufuli nyingine mlangoni mwa duka lake, bidhaa zikiwa ndani. Mwenye nyumba huamini ametumia haki yake, naye mpangaji huamini amedhulumiwa. Mara nyingi kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Ukweli wa mwenye nyumba ni huu: mkataba wa pango unaweza kukatizwa kabla ya muda wake kwisha, endapo mpangaji amevunja sharti lake. Kutolipa kodi ndilo kosa la kawaida zaidi. Mengine ni kumpangisha mtu mwingine bila ridhaa, kubadili matumizi ya jengo, au kubomoa ukuta bila ruhusa. Hali hii ni tofauti na mkataba uliomaliza muda wake wenyewe. Hapo hakuna kosa linalohitaji kuthibitishwa. Ukweli wa mpangaji ni kwamba kosa peke yake halimalizi mkataba. Linampa mwenye nyumba haki ya kuanza hatua, na hatua hizo zina mpangilio wake chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa mchele amepanga fremu katika Kata ya Kashaulili kwa mkataba wa miaka 2, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, zinazolipwa kila baada ya miezi 6. Awamu ya shilingi 900,000 ilipaswa kulipwa tarehe 1 Julai. Julai yote ikapita bila malipo, kwa kuwa wateja wake wakubwa walikuwa bado hawajamlipa.

Hatua ya kwanza ya mwenye nyumba ni notisi ya maandishi. Notisi nzuri hutaja mambo machache kwa usahihi: sharti lililovunjwa, kiasi kinachodaiwa na kipindi chake, tarehe ya mwisho ya kurekebisha kosa, na kitakachofuata lisiporekebishwa. Barua isemayo "hama haraka, nimechoka nawe" haimwelezi mpangaji namna ya kujinusuru, na mbele ya baraza itakuwa na nguvu ndogo. Katika mfano huu mwenye fremu anaandika tarehe 5 Agosti, akidai shilingi 900,000 na kutoa siku 30. Anamkabidhi mpangaji nakala, wanatia saini zote mbili, na mwenyekiti wa mtaa anashuhudia. Ushahidi huo ni bora kuliko ujumbe wa simu unaoweza kufutwa.

Tarehe 20 Agosti mpangaji analeta shilingi 300,000. Hapa wenye nyumba wengi hujikwaa. Wanapokea fedha, hawaandiki lolote, kisha baada ya wiki mbili wanataka kumtoa mpangaji. Mpangaji naye atadai kwamba kupokelewa kwa fedha zake kulionyesha kuwa mkataba unaendelea. Njia salama ni kutoa stakabadhi inayosema wazi kwamba hiyo ni sehemu ya deni, kwamba shilingi 600,000 zimebaki, na kwamba notisi bado inasimama. Mpangaji naye aitunze stakabadhi hiyo. Itamfaa baadaye pengine kuliko anavyodhani.

Siku 30 zikiisha na deni likibaki, kufuli bado si jibu. Kuingia kwa nguvu, kung'oa mlango au kuzuia bidhaa ili ziwe dhamana ya deni huweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa wa fidia. Mchele ukioza ndani ya fremu iliyofungwa kiholela, hasara yake inaweza kuzidi kodi yenyewe. Ikiwa mpangaji hakukabidhi chumba kwa hiari, njia ya uhakika ni kuomba amri ya kurejeshewa jengo.

Safari hiyo huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Wakazi wengi bado hulifikiria kama mahakama ndogo, na hurudi nyumbani wakilalamika kwamba "halikuamua". Wahusika wakipatana, makubaliano yaandikwe. Wasipopatana, baraza hutoa hati ya kuthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Hati hiyo ndiyo hufungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa Mkoa wa Katavi lipo Mpanda. Baraza la Kata likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 tangu shauri lilipofikishwa kwake, mlalamikaji anaweza kuendelea mbele hata bila hati.

Kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba mwenyekiti huketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Mwenye fremu atawasilisha maombi yake pamoja na mkataba, notisi na kumbukumbu za malipo. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kuwa ushahidi hadi ushuru na faini yake vilipwe, hivyo ni vema jambo hilo likamilishwe mapema.

Mpangaji anayo nafasi yake hapa, na wengi huipoteza kwa kutofika. Anaweza kukana kosa, au kulikiri na kuomba nafuu, yaani kuliomba baraza limwachie upangaji wake kwa masharti. Kipengele cha mkataba kisemacho kwamba mpangaji ameiacha haki hiyo hakipaswi kumtisha. Baraza hutazama uzito wa kosa, mwenendo wa pande zote mbili, na kama hasara inaweza kufidiwa. Deni la kodi hufidika kwa fedha, ndiyo maana ombi linaloambatana na malipo halisi husikilizwa kwa sikio jingine. Mfanyabiashara wetu akionyesha stakabadhi ya shilingi 300,000, akaleta 600,000 zilizobaki na kukubali kulipa gharama za shauri, ana hoja nzito. Baraza laweza kumpa tarehe za kulipa, na kuamuru kwamba akizikosa ataondolewa. Mpangaji aliyegeuza fremu kuwa ghala la bidhaa haramu, au aliyebomoa nguzo, atakuwa na mlima mrefu zaidi, kwa kuwa malipo hayarudishi kilichoharibika.

Aliyefungiwa duka ghafla hahitaji kusubiri shauri zima. Anaweza kuomba amri ya muda ya kufunguliwa mlango au kuzuia asitolewe, akieleza kwa kiapo kilichotokea na hasara itakayompata. Baraza litapima ombi hilo pia kwa wepesi wake wa kuja. Aliyekaa miezi mitatu kimya atapata shida kueleza dharura yake. Mtu aliyepangishwa na mpangaji naye asidhani hana pa kusemea, kwani anaweza kuomba nafuu ili asitupwe nje kwa kosa la mwingine.

Amri ya kumwondoa mpangaji ikitolewa, hutekelezwa na dalali aliyeidhinishwa, si na vijana waliokodiwa na mwenye nyumba. Asiyeridhika na uamuzi anazo siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, Kanda ya Sumbawanga, na siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi. Kwa kuwa rufaa pekee haisimamishi utekelezaji, mpangaji anayetaka kubaki ndani ya fremu wakati wa rufaa aombe pia amri ya kusimamisha utekelezaji.