Pasaka inakaribia, sauti ya tatu iko kwenye bani

Katika vijiji vinavyozunguka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, wiki za kuelekea Pasaka huwa pia wiki za kuchuma na kukausha tumbaku. Mwalimu wa kwaya anapiga kinanda, anageuka nyuma, na viti vya wanaume viko vitupu.

Si lazima iwe ni uvivu. Tumbaku ya mvuke ikishapangwa kwenye bani hukaa humo karibu wiki nzima, na moto huangaliwa usiku na mchana. Ukizima, jani linaharibika rangi na bei inashuka. Baba anayelinda ada ya shule ya watoto hawezi kuuacha.

Kwa hiyo kuhesabu vichwa pekee hakutoshi. Daftari la mahudhurio ligawanywe kwa sauti. Chukua mfano wa kwaya ya watu 20: sauti ya kwanza 8, ya pili 5, ya tatu 3, ya nne 4. Wakikosekana wawili wa sauti ya kwanza, wimbo unaendelea. Wakikosekana wawili wa sauti ya tatu, anabaki mmoja, na kabla ubeti haujaisha ameshavutwa kwenye sauti ya kwanza. Dalili yake husikika mwishoni mwa mstari: wimbo unatulia, lakini katikati pana tundu.

Hatua inayofuata ni kumuuliza kila anayekosa swali moja: "Bani lako unaliwasha lini?" Aliyewasha Jumatatu atapata nafasi Jumatatu inayofuata au karibu na hapo. Ukiziandika tarehe hizo pembeni ya majina, utaona siku ambayo wengi wako huru. Hiyo ndiyo iwe siku ya mazoezi ya pamoja.

Siku nyingine, sauti ijifunze peke yake. Wale watatu wanaweza kukutana jioni kwenye bani la mmojawao, waimbe huku wakichochea kuni. Mwalimu awarekodie sauti yao kwa simu, awatumie kwa WhatsApp.

Kina mama nao wana sababu zao. Mazoezi ya saa 12 jioni yanagongana na chakula cha watoto, na mabinti wanarudi gizani. Jumapili baada ya ibada familia tayari iko kanisani. Saa moja na nusu inatosha, mradi wimbo unaohitaji sauti zote uanze kwanza, kabla wenye moto hawajaondoka.

Hata hivyo, rekodi ya simu haimfundishi mtu kusikilizana na wenzake. Ikibaki wiki mbili na sauti ya tatu bado haijakutana na nyingine katika wimbo fulani, wimbo huo utolewe kwenye orodha. Nyimbo 4 zilizoshikwa ni bora kuliko 6 zenye tundu katikati.