Picha ya Jangwa: Anza na Kilichokanyagwa

Picha nyingi za jangwa zinazosambaa kwenye simu huja na maelezo mafupi: "Sahara". Aliyeziandika ameona ukavu na anga tupu, akaridhika. Lakini matuta ya mchanga hufunika takriban robo tu ya Sahara yenyewe. Sehemu kubwa iliyobaki ni mawe, kokoto, miamba na milima mikavu. Kwa hiyo mchanga peke yake hauthibitishi kwamba hapo ni Sahara, wala kukosekana kwa mchanga hakuthibitishi kwamba sipo.

Anayetaka kujua picha imepigwa wapi aache anga, ngamia na machweo kwanza, atazame kilichoko chini ya miguu. Ni mchanga uliorundikwa na upepo, ni mawe yaliyotandazika, au ni chumvi iliyoganda? Kila ardhi kati ya hizo ina chanzo chake, na chanzo hicho hupunguza idadi ya mahali pa kutafuta.

Tuanze na mchanga, maana ndio unaodanganya wengi. Watu huchagua nchi kwa kuangalia rangi: mwekundu Namibia, wa manjano Sahara, mweupe Uarabuni. Rangi ni shahidi dhaifu. Jua la jioni hupaka kila tuta rangi ya chungwa, na simu za siku hizi huongeza chumvi zenyewe bila kuombwa. Umbo la tuta ni gumu zaidi kughushi, kwa sababu limechongwa na upepo wa mahali pale kwa miaka mingi.

Upepo ukivuma kutoka upande mmoja, na mchanga ukiwa haba, tuta huwa la hilali, na ncha zake mbili huelekea kule upepo uendako. Pepo zikipishana kutoka pande mbili, huzaliwa matuta marefu yaliyonyooka, yanayokwenda sambamba kwa makumi ya kilomita. Zikivuma kutoka pande nyingi, mchanga hupanda juu badala ya kusafiri, na tuta hupata migongo mitatu au zaidi inayokutana kileleni, kama nyota. Matuta ya nyota ndiyo marefu zaidi kwenda juu, nayo hupatikana Sossusvlei huko Namibia na katika bahari za mchanga za Algeria.

Matuta marefu yaliyonyooka yapo Australia na yapo Oman, na hapa uoto husaidia. Katika Jangwa la Simpson, Australia, matuta ni mekundu, yanafuatana kwa mamia, na ubavuni yameshikwa na nyasi na vichaka. Mara nyingi ni kilele tu kilicho wazi. Katika mchanga wa Sharqiya nchini Oman, ambao wengi huuita Wahiba, matuta hulala kutoka kusini kwenda kaskazini. Upepo uliyoyajenga ni ule ule wa kusi uliorudisha majahazi Arabuni kutoka Zanzibar.

Jihadhari na mchanga mweupe pepe. White Sands, jimboni New Mexico, si mchanga wa kawaida bali ni chembe za jasi. Na ukiona matuta meupe yenye madimbwi ya maji ya samawati katikati yake, hapo huenda hata si jangwani: ni Lençóis Maranhenses, pwani ya kaskazini mashariki mwa Brazili, ambako mvua hunyesha kwa wingi na maji hujaa mabondeni kila masika.

Uwanda wa chumvi unaonekana rahisi, kwa kuwa ni mweupe na umelala sawasawa. Lakini matope makavu nayo ni meupe na yamelala sawasawa, na picha nyingi za matope huitwa chumvi. Njia ya kutofautisha ni moja, na inafaa kukaririwa: matope hupasuka kwenda chini, chumvi huinuka kwenda juu. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hunywea, ukaacha nyufa zenye kina, na kingo za kila kipande wakati mwingine hujikunja. Katika uwanda wa chumvi, maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi huzunguka polepole, na chumvi hujikusanya zaidi pale yanapozama. Matokeo yake ni vigingi vyembamba vilivyoinuka, vinavyogawa ardhi katika vipande vya pembe tano au sita vyenye upana wa mita moja au mbili. Ukikuza picha ukaona kivuli kimeangukia ndani ya mstari, huo ni ufa. Ukiona mstari wenyewe unatupa kivuli pembeni, hiyo ni chumvi.

Kipimo hicho kinatosha kuiondoa Deadvlei ya Namibia kwenye orodha ya viwanja vya chumvi, ingawa huwekwa humo kila mara. Sakafu yake nyeupe yenye miti mikavu ni udongo ulioletwa na mto Tsauchab kabla matuta hayajaufungia njia. Miti ile ilikufa mamia ya miaka iliyopita, na haikuoza kwa sababu ya ukavu.

Ikishathibitika kuwa ni chumvi, tazama upeo wa macho. Salar de Uyuni ya Bolivia ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000 na iko takriban mita 3,650 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo watu pichani mara nyingi wamevaa makoti mazito chini ya jua kali, na katikati ya weupe huchomoza kisiwa cha mawe chenye madungusikakati marefu kuliko mtu. Penye Makgadikgadi ya Botswana, kinachochomoza ni mibuyu. Ziwa Natron la Tanzania lina magadi, si chumvi ya mezani tu; gamba lake hupata uwekundu wa vijidudu wapendao maji makali, heroe hutembea ukingoni, na upande wa kusini husimama Ol Doinyo Lengai. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ni sakafu ya ziwa la kale: udongo wa kijivu wenye utando wa chumvi hapa na pale. Hapo utaona nyufa na weupe kwa pamoja, na hilo lenyewe ni dalili.

Maji nayo yana mtego wake. Mazigazi huonekana mbali tu, karibu na upeo. Maji ya kweli huakisi hata miguu ya anayesimama ndani yake.

Sasa mawe, ambayo wapiga picha huyapuuza na wenye kubahatisha huyaogopa. Uwanda wa mawe unasema mengi kuliko mchanga, kwa sababu jiwe halitoki mbali: limetokana na mwamba wa pale pale au na mto wa karibu. Australia ya kati ina viwanja vya mawe mekundu yaliyolainika, vinavyong'aa jua likiinama. Sehemu kubwa ya Gobi ni kokoto za kijivu na kahawia, na ngamia akiwepo ana nundu mbili. Nundu moja haisaidii sana: ngamia wa namna hiyo wako Afrika, Uarabuni, na hata Australia, ambako walipelekwa karne ya 19 wakageuka wa porini.

Chukua mfano wa picha hii. Mawe meusi, mengine ya ukubwa wa ngumi, mengine ya kichwa, yametapakaa juu ya udongo wa kahawia iliyopauka. Hakuna mti. Mwanamume amesimama kando ya ngamia wa nundu moja. Kwa mbali kuna vilima vifupi vyenye umbo la pia. Maelezo yanasema ni "Jangwa Jeusi la Yordani, Januari", na aliyeipiga amethibitisha mwezi.

Kwanza, weusi wa mawe. Katika majangwa mengi mawe ya rangi nyingine hupata ngozi nyeusi ya madini ya manganizi na chuma baada ya kukaa juani miaka mingi. Tafuta jiwe lililovunjika: likiwa limepauka ndani, weusi ni wa ngozi tu. Katika picha yetu jiwe lililovunjika ni jeusi hadi ndani na lina vitundu vidogo. Vitundu hivyo ni vya mapovu ya gesi, kwa hiyo hilo ni jiwe la volkano. Vilima vile navyo vinaafiki. Gobi ya kokoto na sehemu kubwa ya Sahara zimepungua. Wanaobaki ni wachache: nyanda za lava kutoka Syria kupitia Yordani hadi Saudia, Haruj ya Libya, nyanda za Afar, na Dida Galgalu, kaskazini mwa mji wa Marsabit.

Pili, kivuli. Mtu yule amesimama mahali palipo sawa, na kivuli chake hakifiki nusu ya urefu wake. Katikati ya Januari jua la mchana, kule Yordani, halipandi zaidi ya nyuzi 37 hivi. Mtu wa mita 1.75 atapata kivuli cha mita 2.3, na hicho ndicho kifupi kuliko vyote siku hiyo. Libya kivuli kitazidi urefu wake kidogo. Lava za Saudia zilizo karibu na Makka zitampa kivuli kinachokaribia urefu wake. Afar, zaidi ya nusu. Dida Galgalu iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta. Hapo jua la adhuhuri hufika nyuzi 66, na kivuli kinashuka hadi sentimita 78, chini kidogo ya nusu. Maelezo ya Yordani yameanguka.

Hesabu hiyo ina mipaka miwili. Bila mwezi haina nguvu, kwa kuwa Juni jua la Yordani nalo hupanda karibu utosini. Na tarehe ya kutumwa si tarehe ya kupigwa; WhatsApp huondoa taarifa za ndani ya picha, hivyo uliza aliye na faili la asili. Vilevile kivuli kirefu hakiiondoi Kenya, kwani asubuhi na jioni kivuli huwa kirefu kila mahali. Ni kivuli kifupi tu kinachoondoa.

Tatu, picha za setilaiti. Fungua Google Earth, ufuate barabara ya Marsabit kwenda Moyale. Kaskazini mwa mji utaona mashimo ya volkano, likiwemo Gof Choba, kisha uwanda mweusi unaopita Bubisa kuelekea Turbi, na Milima ya Huri upande wa magharibi. Linganisha vilima vya pichani: vingapi, kipi kirefu, kipi kimekatika kileleni, vimepangana vipi. Mpangilio wa vilima vitatu ukikubali kutoka mahali pamoja, umepapata. Kilima kimoja hakitoshi, kwa sababu koni za volkano zinafanana.

Mara nyingi kazi itaishia kabla ya hapo. Picha ya mchanga mtupu, isiyo na kilele, kichaka wala kivuli cha kupimia, haina jibu, na anayetaja nchi kwa kuitazama tu anabahatisha. Mahali pawili pakibaki sawa, andika pote pawili pamoja na sababu ya kila kimoja, ili anayeijua sehemu hiyo aweze kukusahihisha.