Tokeni Iliyotumika Mara Mbili

Mtu akibadilisha nywila ya akaunti yake ya Google, programu ya nje aliyoiruhusu kusoma barua zake za Gmail hukatika. Programu nyingine aliyoiruhusu kuona kalenda peke yake huendelea kama kawaida. Akaunti ni moja, na huenda zote mbili ziliruhusiwa siku moja. Tofauti imo katika kanuni ya Google yenyewe: nywila ikibadilika, tokeni za kuhuisha zilizobeba ruhusa ya Gmail hufa, na zile zisizogusa barua huachwa.

Programu hizo hazihifadhi nywila ya mtu. Zinatumia OAuth 2.0, utaratibu uliochapishwa Oktoba 2012 katika waraka uitwao RFC 6749. Mwenye akaunti akishabonyeza kitufe cha kuruhusu, seva huipa programu tokeni mbili. Ya kwanza ni tokeni ya kuingilia, ambayo programu huionyesha kila inapotaka data. Kwa Google huishi takriban saa moja. Ya pili ni tokeni ya kuhuisha. Hii huwekwa akiba, na tokeni ya kuingilia ikiisha muda, programu huipeleka kwa seva ili ipewe nyingine bila kumsumbua mwenye akaunti. Siku seva itakapoikataa, jibu la Google huwa hivi:

```
HTTP/1.1 400 Bad Request

{ "error": "invalid_grant",
  "error_description": "Token has been expired or revoked." }
```

Maana yake ni kwamba ruhusa iliyoletwa haifai tena. Kwa nini haifai, jibu halisemi wazi. RFC 6749 imelikusudia neno hilo moja kwa hali kadhaa: tokeni iliyoisha muda, iliyobatilishwa, isiyo halali, au iliyotolewa kwa programu nyingine. Ndiyo maana fundi anayelisoma peke yake hawezi kujua kama mteja wake amebadilisha nywila, ameingia kwenye mipangilio ya akaunti akaiondoa programu kwa hiari yake, au kumetokea jambo jingine kabisa.

Kinachozidi kuchanganya ni muda. Katika mifumo mingi, tokeni ya kuingilia iliyokwisha kutolewa huendelea kukubalika mpaka saa yake iishe, hata kama tokeni ya kuhuisha imeshabatilishwa. Mtu hubadilisha nywila saa 4:00 asubuhi, programu ikaendelea vizuri hadi saa 4:50, kisha ikamtoa. Yeye analalamika kwamba imeharibika yenyewe, na fundi anatafuta kosa la saa 4:50 wakati chanzo kilitokea dakika 50 nyuma.

Lakini sababu inayowasumbua mafundi kuliko zote ni ile ambayo mtumiaji hakufanya lolote. Inatokana na ulinzi mzuri. Tokeni ya kuhuisha ikiibwa kwenye simu au kivinjari, mwizi anaweza kuitumia kwa siku nyingi bila kujulikana. Kwa hiyo mifumo mingi sasa huibadilisha kila inapotumika: programu ikileta ya zamani, hupewa tokeni mpya ya kuingilia pamoja na tokeni mpya ya kuhuisha, na ile ya zamani haifai tena. RFC 9700 ya Januari 2025, inayoeleza usalama wa OAuth, inazitaka programu zisizoweza kutunza siri, kama zile za simu na za kivinjari, ziwe na ulinzi huu au tokeni zilizofungwa kwa mwenyewe.

Mtumiaji wa LUKU anajua kwamba tokeni ya umeme ikishaingia kwenye mita, ukiirudia mita inaikataa tu na umeme unabaki. Hapa seva haiishii kukataa. Tokeni iliyokwisha kutumika ikirudi, maana yake watu wawili wanayo, na seva haiwezi kujua nani ni mwenyewe na nani ni mwizi. Kwa hiyo huua ukoo mzima wa tokeni zilizotokana na kuingia kule kwa kwanza, pamoja na ile mpya kabisa. Mwizi hutupwa nje. Mwenyewe pia hutupwa nje, ila yeye anaweza kuingia upya kwa nywila yake.

Tatizo ni pale ambapo hakuna mwizi. Chukua abiria aliye ndani ya basi, simu yake ina programu ya kazini. Saa 5:00 tokeni ya kuingilia inaisha, na programu inapeleka tokeni ya kuhuisha, tuiite R1. Seva inaipokea, inaandika kwamba R1 imetumika, inatuma R2. Wakati huohuo basi linaingia mahali pasipo na mtandao na jibu linapotea njiani. Simu haina habari kwamba R2 ipo. Mtandao ukirudi inajaribu tena kwa tokeni pekee inayoijua, R1. Seva inaona tokeni iliyotumika ikirudi, inaua R1 na R2 pamoja, na abiria anatakiwa kuingia upya.

Jambo hilohilo hutokea bila mtandao kukatika. Madirisha mawili ya kivinjari yaliyofunguliwa kwenye mfumo mmoja hugundua kwa pamoja kwamba muda umeisha, na kila moja linakimbilia seva na R1. La kwanza linafaulu. La pili linahesabiwa kuwa ni mwizi, na kwa sababu hiyo hata lililofaulu linapoteza ruhusa yake.

Baadhi ya mifumo huweka muda wa nafuu. Kwa Okta ni sekunde 30 za kawaida, na msimamizi anaweza kuchagua kati ya 0 na 60. Ndani ya muda huo R1 ikirudi, inavumiliwa. Hilo huyaokoa madirisha mawili, lakini halimwokoi abiria aliyekaa dakika kumi bila mtandao. Na kuurefusha mno ni kumpa mwizi nafasi ileile.

Namna ya kutofautisha sababu hizi ni kusoma kumbukumbu za seva inayotoa tokeni, si za programu peke yake. Microsoft hutumia namba AADSTS50173 pale ruhusa ilipobatilishwa, na maelezo yake hutaja uwezekano wa nywila kubadilishwa. Auth0 huandika `ferrt` ubadilishaji wa tokeni ya aina hii unaposhindikana. Kama hakuna dalili ya nywila kubadilika, na kumbukumbu zinaonyesha maombi mawili ya R1 kutoka simu ileile yakiachana kwa sekunde chache, huyo si mdukuzi. Ni programu inayojigonga yenyewe. Maombi yakitoka kwenye anwani mbili za mtandao zisizohusiana, hapo wizi ushukiwe, ingawa simu inayohama kutoka Wi-Fi kwenda data ya laini nayo hubadilisha anwani.

Dawa iko mikononi mwa mtengenezaji. Ombi la kuhuisha liwe moja tu kwa wakati mmoja: sehemu nyingine za programu, na madirisha mengine, yasubiri jibu lake na kulitumia kwa pamoja. Tokeni mpya iandikwe kwenye hifadhi kabla ya kazi nyingine yoyote, maana programu ikizimwa katikati, R2 inapotea na R1 imeshakufa. Na jibu likiwa `invalid_grant`, isirudie kuuliza, kwa sababu tokeni iliyokufa haifufuki. Ifute tokeni ilizonazo na imwombe mtu aingie upya, bila kufuta kazi aliyokuwa ameianza.

Mtumiaji naye akitolewa nje mara moja baada ya kubadilisha nywila, hana la kuhofia. Akitolewa mara kwa mara bila kubadilisha kitu, aangalie orodha ya vifaa na programu zilizounganishwa na akaunti yake, na asichokitambua akiondoe siku hiyohiyo.