SIMU IKIGUSISHWA NA MALIPO YASIINGIE

Wengi wetu hapa Njiru siku hizi hatubebi pesa nyingi mfukoni, na sababu zake mnazijua, hasa ukirudi jioni kwa miguu kutoka steji. Ndiyo maana baadhi yetu wamechukua ile huduma ya benki ya kulipa kwa kugusisha simu kwenye mashine ya kadi. Ikishika ni jambo la sekunde moja. Isiposhika, unabaki umesimama kwenye kaunta na foleni nyuma yako, na mfukoni huna kitu.

Kugusisha si jambo geni kwetu. Wale waliopanda matatu mwaka 2013 watakumbuka kadi ya BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity na ikafungwa 2015. Kadi ya namna hiyo haina betri wala swichi. Ukiisogeza karibu na mashine inajibu tu, maana nguvu inazipata kwenye mashine yenyewe. Simu ni tofauti. Simu inajifanya kadi, na ili ijifanye hivyo lazima iwe imewashwa, iwe imeruhusiwa, na ijue ni kadi ya nani inayotakiwa kutolewa. Hapo ndipo shida zinapoingia.

Kwanza hakikisha simu yako inayo hiyo nguvu ya kugusisha. Jina lake kwenye simu ni NFC. Simu nyingi za bei nafuu hazina kabisa, na kuna aina za simu ambazo nyingine zimeuzwa zikiwa nayo na nyingine bila, ingawa kwa nje ni mapacha. Fungua Settings, na pale juu pa kutafutia andika NFC. Isipotokea kitu, basi simu hiyo haina, na hakuna fundi wala programu ya kuiongezea. Ikitokea, angalia swichi yake kama imewashwa. Watu huizima ili kuhifadhi betri, halafu wakasahau. Wenye iPhone hawatapata swichi hii, kwa hiyo wasiitafute.

Sasa tuseme swichi imewashwa na bado mashine iko kimya. Hapa tuangalie kava. Nyuma ya simu, chini ya mfuniko, kuna waya mwembamba uliozungushwa kama bangili. Hiyo ndiyo antena. Mashine ya kadi nayo ina yake, na mbili hizi huongea kwa nguvu ya sumaku ambayo haifiki mbali, kama sentimita 4 tu. Kava ya plastiki au mpira ya kawaida haizuii kitu. Lakini kava nene ya kukunja, yenye mfuko wa kadi na noti ndani yake, inakula sehemu ya hizo sentimita. Kibaya zaidi ni chuma. Kipande cha bati ambacho watu hubandika ili simu ishike kwenye sumaku ya gari, au pete ya chuma ya kuingiza kidole, kinaivuruga ile nguvu yenyewe. Kipande chembamba cha chuma kinadhuru kuliko plastiki nene.

Na kadi iliyohifadhiwa ndani ya kava? Hiyo nayo inajibu, maana haihitaji ruhusa ya mtu. Mashine inasikia sauti mbili kwa pamoja na haijui ichukue ipi. Ndiyo sababu wakati mwingine mashine huandika PRESENT ONE CARD ONLY, na mwenye simu anashangaa kwa sababu yeye ameshika kitu kimoja tu. Pengine ile kadi ndiyo itakayokatwa pesa badala ya ile ya kwenye simu.

Ipo njia ya kujipima nyumbani bila kwenda dukani. Washa NFC, fungua simu kabisa, kisha chukua kadi ya benki yenye alama ya mistari minne iliyopinda na uiguse mgongoni mwa simu. Isogeze polepole kutoka kwenye kamera kushuka chini. Mara nyingi simu italia kidogo au itatetemeka ikiifikia antena. Sasa unajua mahali antena ilipo, na hapo ndipo utakapopaelekeza kwenye mashine. Rudia ukiwa umetoa kava. Ikiwa inalia bila kava na hailii na kava, jibu umelipata.

Chukua mfano wa kijana mmoja fundi wa umeme, mkaaji wa huku kwetu. Alikwenda duka la dawa usiku kumnunulia mtoto dawa ya homa. Akagusisha, kimya. Keshia akamwambia, "Kaka, haijashika, jaribu tena." Akajaribu mara tatu, kila mara akiipiga simu kwenye mashine kama mtu anayegonga muhuri. Mzee mmoja kwenye foleni akamwambia atoe kava. Ndani ya kava kulikuwa na kibati cha sumaku. Safari hii mashine ikalia, lakini kwenye simu ikafunguka programu nyingine, si ya benki yake, tena haina kadi hata moja ndani.

Hiyo ni shida ya pili, na haina uhusiano na kava. Simu ikiwa na programu mbili zinazoweza kulipa, moja ndiyo hupewa nafasi ya kwanza. Inaweza kuwa Google Wallet ambayo hukuwahi kuweka kadi, huku ya benki yako ikingoja nyuma. Pa kurekebisha ni kwenye ukurasa ule ule wa NFC, palipoandikwa Contactless payments. Chagua programu ya benki yako. Kwa simu za Android mpya zaidi, angalia Default apps, halafu Wallet app. Ukifuta programu ya benki na kuiweka upya, rudi uangalie tena, kwani chaguo lako huenda limepotea. Kijana wetu hakuwa na muda wa hayo yote pale kaunta. Aliifungua programu ya benki kwanza, akaiacha mbele ya macho, kisha akagusisha. Simu nyingi hukubali programu iliyo wazi wakati huo, nyingine hukataa mpaka ubadilishe chaguo. Yake ilikubali, na dawa akaipata.

Angalia pia jinsi ya kushika. Kioo kiwe kimewaka na simu iwe imefunguliwa. Antena iwe juu ya ile alama ya mistari minne, ambayo kwenye mashine nyingine iko juu ya kioo na nyingine ubavuni. Tuliza mkono sekunde moja au mbili.

Mashine ikilia halafu ikaandika DECLINED, acha kuhangaika na kava. Simu imefanya kazi yake na habari zimefika. Aliyekataa ni benki, pengine salio halitoshi au kadi imefungwa. Na ikiwa hujui kama malipo yamepita au la, usigusishe tena na usitoe pesa mkononi kabla ya kuangalia ujumbe wa benki na karatasi ya mashine. Keshia naye asikuombe simu aende nayo nyuma ya kaunta kuirekebisha. Mashine ndiyo husogezwa kwako.