Kwa Nini Kurasa za Katikati Hukatwa Zaidi

Kishike kijitabu kinene kilichobanwa pini mbili mgongoni kabla hakijapelekwa kwenye gilotini, ukitazame upande wa kufungulia. Utaona karatasi za katikati zimechomoza kuliko za nje. Karatasi hizo zimevalishana, na ya ndani kabisa inasukumwa mbele na unene wa zote zilizoizunguka. Kisu kikishuka wima, hiyo ya ndani ndiyo inayopoteza upana mwingi. Kwenye kijitabu cha kurasa 16 ni vigumu mtu kuona tofauti, lakini kikifika kurasa 80, maneno yanaanza kukatwa.

Tuchukue kitabu cha nyimbo cha kwaya, cha ukubwa wa A5, kilichochapwa kwenye karatasi 20 za A4 za gramu 80, juu yake jalada la manila. Namba za nyimbo zimewekwa kwenye kona ya nje, milimita 5 kutoka ukingo wa karatasi, ili mwimbaji azione haraka akipekua. Fundi atapunguza milimita 3 kutoka ukingo wa karatasi ya kwanza. Kwa hesabu hiyo zingebaki milimita 2, kidogo lakini salama. Na kweli, kwenye karatasi ya nje zinabaki 2. Je, katikati?

Anza na unene. Rimu moja ya karatasi za gramu 80, yaani karatasi 500, ina kimo cha sentimita 5 hivi, kwa hiyo kila karatasi ina milimita 0.1. Kutoka karatasi ya kwanza hadi ya ishirini kuna hatua 19, kwa hiyo msogeo hauko mbali na milimita 1.9. Hicho ndicho kiwango cha chini, pale mkunjo ulipobanwa ukawa mkali. Mkunjo ukiwa na mviringo, karatasi za nje hutumia sehemu ya upana wao kuuzunguka mgongo, na msogeo unaweza kukaribia milimita 3. Usikadirie kwa gramu peke yake: karatasi ya kung'aa ya gramu 130 mara nyingi ina unene ule ule wa hii ya gramu 80.

Kati ya 1.9 na 3 pana nafasi kubwa mno kwa namba iliyo karibu na kisu, kwa hiyo tengeneza sampuli. Kunja karatasi 20 tupu za aina ile ile utakayotumia, zivalishe, zibane kwa pini na uzikandamize kama zitakavyokandamizwa. Kisha chukua sindano ya kushonea magunia, toboa milimita 3 kutoka ukingo wa karatasi ya nje, moja kwa moja hadi upande wa pili. Fungua katikati upime tundu liko umbali gani kutoka ukingo. Tuseme ni milimita 5.5. Basi msogeo ni 2.5, na namba iliyokaa milimita 5 kutoka ukingo imeshapitiwa na kisu.

Dawa yake ni kusogeza maandishi kuelekea mkunjo, kidogo kidogo. Gawa 2.5 kwa hatua 19, upate kama milimita 0.13 kwa kila karatasi. Karatasi ya kwanza, yenye kurasa 1, 2, 79 na 80, haiguswi. Ya kumi, yenye 19, 20, 61 na 62, inasogezwa milimita 1.2. Ya mwisho, yenye 39 hadi 42, inasogezwa zote 2.5. Kurasa za namba witiri huenda kushoto, na za namba shufwa kulia.

Gharama inalipwa na pambizo la ndani. Kama lilikuwa milimita 15, katikati linabaki 12.5. Kwa maandishi hilo linavumilika, maana kurasa 40 na 41 ziko kwenye karatasi moja na hulala wazi. Ila milimita 2 kutoka kisuni bado ni chache mno kwa gilotini inayoweza kuyumba milimita nzima, kwa hiyo mimi ningezivuta namba zote ndani milimita 3 zaidi kabla hata ya kuanza hesabu hii.

Kwenye InDesign, kazi hii hufanywa kwenye `Print Booklet`, aina ya `2-up Saddle Stitch`, sehemu ya `Creep`. Alama ya kujumlisha au kutoa hapo huwachanganya wengi, kwa hiyo angalia onyesho: kurasa 40 na 41 zikisogeleana, uko sawa. Zikiachana, umeongeza tatizo mara mbili.

Picha inayovuka kurasa hizo mbili ni shauri jingine. Ukizisogeza zote mbili, milimita 5 za katikati ya picha humezwa na mkunjo, na sura iliyokaa hapo hubaki bila pua. Iache picha hiyo mahali pake, usogeze maandishi tu.