Bodi Iliyogoma Ikipata Joto

Saa nane usiku fundi wa zamu aliitwa tena kwenye mashine ileile. Bodi yake ilifanya kazi vizuri ilipowashwa, lakini baada ya nusu saa ikaanza kutoa namba za ovyo. Ikizimwa ikapoa, inapona.

Kwanza alishuku lehemu iliyopasuka, lakini kuibonyezabonyeza bodi hakukubadili kitu. Akachukua kopo la kupulizia baridi, akapoza chipu moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye chipu ya kumbukumbu, makosa yakakoma. Ilipopata joto, yakarudi.

Chipu hufuata mapigo ya saa, na data lazima ifike na kutulia kabla ya pigo linalofuata, kama abiria anayewahi kivuko. Saa ya bodi hii ilipiga mara milioni 20 kwa sekunde, yaani pigo moja kila nanosekunde 50. Oskiloskopu ilionyesha kwamba bodi ikiwa baridi data ilitulia katika nanosekunde 47. Joto huzipunguzia kasi transista za kawaida, hivyo ilipopata moto muda ukafika 51. Ile akiba ya nanosekunde 3 ilikuwa imeliwa yote.

Ili kuhakikisha, alishusha saa hadi megahezi 16, nafasi ikawa nanosekunde 62.5. Bodi ikafanya kazi bila kosa ikiwa na joto lilelile. Lehemu mbovu isingepona kwa kupunguza kasi ya saa. Alfajiri akaweka chipu ya kumbukumbu yenye kasi zaidi, akairudisha saa megahezi 20.